Mchaichai, majani ya mpera na koo linalouma

Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi vya mafua, nayo hupoa yenyewe ndani ya wiki moja hivi. Katika siku hizo, maji ya majani yaliyochemshwa yana kazi ya kweli ingawa ni ndogo: umajimaji na uvuguvugu wake hulainisha koo kavu, na mgonjwa aliyekuwa akiogopa kumeza hupata kunywa. Majani ya mpera yana tanini, zile zinazokausha na kukaza mdomo, na wengine huona kusukutua nayo kunawapa nafuu. Mchaichai hupendwa zaidi kwa harufu yake.

Kuyatayarisha hakuna ugumu. Mashina mawili matatu ya mchaichai yaliyopondwa kidogo, au majani manne matano ya mpera yaliyooshwa vizuri, hutiwa katika nusu lita ya maji, yakachemka dakika chache sufuria ikiwa imefunikwa. Kinywaji kisubiri mpaka kiwe vuguvugu, kwani cha moto sana huunguza koo ambalo tayari lina kidonda. Asali inaweza kuongezwa, isipokuwa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Anayemeza vidonge vya madini ya chuma, kama wajawazito wengi, asivimeze pamoja na maji ya mpera, kwa sababu tanini hupunguza ufyonzwaji wa madini hayo.

Kosa huanza pale nafuu inapohesabiwa kuwa tiba. Ni kweli kwamba dondoo za majani ya mpera zimezuia bakteria katika vyombo vya maabara, lakini huko dondoo hukaa juu ya vijidudu kwa saa nyingi, wakati kinywaji hupita kooni kwa sekunde chache.

Tuseme mtoto wa miaka minane ameamka na homa na koo linalouma sana. Hana kikohozi wala kamasi, tezi za shingo zimevimba na zinauma zikiguswa, na tonsili zina madoa meupe. Dalili hizo huelekea kwa bakteria aina ya streptokoka. Mama humpa mchaichai, na siku ya nne maumivu yamekwisha. Yangekwisha hata kwa maji matupu, maana koo la streptokoka nalo hutulia lenyewe. Hatari huja baadaye: wiki mbili au tatu zikipita, baadhi ya watoto hupata homa ya rumatiki, viungo vikavimba, na valvu za moyo zikaharibika kabisa. Kinachozuia hayo ni penisilini, kwa sindano moja au vidonge vya siku kumi vinavyomalizwa hata kama koo limepona. Mchaichai unaweza kuendelea kando ya dawa.

Asiyeweza kumeza hata mate, anayepumua kwa shida, au anayeshindwa kufungua mdomo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.