Zima Ruta Kwanza, Ndipo Uweke Diski

Tuseme kijana wa Nkuhungu, hapa Dodoma, amejinunulia PlayStation 4 ya mtumba. Nyumbani kuna ruta ya laini ya simu yenye kifurushi cha GB 60 kwa mwezi, na usiku majirani wakishalala inampa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde. Anaitamani gemu ya GB 50. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabiti 4 ni sawa na nusu megabaiti kila sekunde, na mzigo wote utashuka kwa saa 28 hivi. Hizo ni saa 28 za umeme usiokatika na mtandao usioyumba. Akimaliza, nyumba nzima imebakiwa na GB 10 za kufikia mwisho wa mwezi: za WhatsApp ya mama, za mdogo wake anayesoma, na za mechi ya Jumapili.

Gemu hiyohiyo ikiwa kwenye diski ni kitu cha kutia mfukoni. Diski ya PS4 hubeba hadi GB 50, ya PS5 hadi GB 100. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ndugu anayepitia Kariakoo asubuhi anaweza kuifikisha Dodoma siku hiyohiyo, wakati ruta ya Nkuhungu ingekuwa haijafika hata nusu ya kazi.

Kwa hesabu hiyo diski inashinda. Lakini kuna diski zisizo na gemu ndani, na hapo ndipo wachezaji wengi wa mikoani wanapoumia.

Mfano unaojulikana zaidi ni Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022. Waliofungua boksi la PS5 walikuta diski yenye megabaiti zipatazo 70 tu, na kila kilichobaki kikapaswa kushushwa mtandaoni. Diski ile ilikuwa kama ufunguo wa nyumba iliyoko mbali. Ilinganishe na Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 kwa PS4. Hiyo ilikuja na diski mbili: ya kwanza inanakiliwa mara moja kwenye mashine kisha inarudi kwenye boksi, ya pili inabaki ndani wakati wa kucheza. Kisa chake kirefu chote kinachezeka bila intaneti. Kwa maboksi dukani huwezi kujua ipi ni ipi, mpaka usome maandishi madogo. Boksi likiandikwa kwamba ni lazima kushusha data au kuunganishwa na intaneti ndipo gemu ifunguke, mwenye bando dogo alirudishe kwenye rafu.

Kipimo cha uhakika zaidi hakihitaji kusoma. Zima ruta, kisha weka diski. Mashine itaanza kunakili gemu kutoka kwenye diski, na muda huo hakuna hata megabaiti moja inayotoka kwenye kifurushi. Inakilipo yote na gemu ikafunguka hadi uwanjani, basi umenunua gemu. Kwenye PS4, weka alama juu ya picha ya gemu, bonyeza kitufe cha OPTIONS na uchague `Information`. Namba ya toleo utakayoiona hapo, mara nyingi 1.00, ndiyo iliyochapwa kwenye diski. Toleo hilo linaweza kuwa na kasoro ambazo watengenezaji walizirekebisha baadaye. Ukizivumilia, cheza hivyohivyo. Zikikukera, washa ruta, angalia ukubwa wa rekebisho kabla ya kukubali, kisha uamue kama mwezi huu linastahili.

Nalo rekebisho lina hila yake. PS4 ikiwa imelazwa bila kuzimwa kabisa, inaweza kuendelea kushusha marekebisho usiku kucha, na asubuhi mwenye nyumba anashangaa bando limekwenda wapi wakati kila mtu alikuwa amelala. Dawa iko kwenye `Settings`, kisha `System`, kisha `Automatic Downloads`: ondoa alama kwenye `Application Update Files`. Hii ni kazi ya kufanya siku ileile mashine inapoingia ndani.

Diski za mtumba zina faida ambayo gemu ya kushusha haiwezi kuwa nayo. Ukiimaliza unaiuza, au unabadilishana na mwenzako wa Area C. Ila Dodoma ni mji wa vumbi na upepo, na diski hizi hazivumilii kama zilivyokuwa zile CD za muziki. Kwenye CD data iko upande wa juu, chini ya maandishi. Kwenye diski ya PS4 data iko upande wa chini, sehemu moja ya kumi ya milimita kutoka pale kidole kinapogusa. Kuna utando mgumu wa kuilinda, lakini mchubuko ukipita utando huo, umefika. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe.

Muuzaji akikuonyesha gemu imefunguka, usitoe hela bado. PS4 hufungua gemu ikiwa imenakili sehemu tu, na diski iliyochubuka inaweza kukupa menyu na mechi ya kwanza halafu ikagoma kwenye asilimia 70. Omba mnakili hadi mwisho. Muuzaji mwenye diski nzima hana sababu ya kukataa.

Je, kushusha hakufai kabisa? Kunafaa pale mzigo ni mdogo. Stardew Valley, kwa mfano, ni gemu ya kilimo isiyofika GB 2, na mtu huicheza miezi. Kwa mzigo mkubwa, mwenye rafiki aliyeunganishwa faiba ana njia: PS4 hukubali diski ya nje ya USB 3.0 yenye angalau GB 250. Ingia kwa akaunti yako kwenye mashine ya rafiki, shushia gemu humo, kisha urudi nayo nyumbani. Kumbuka kwamba PS4 hufuta kila kilichomo kwenye diski ya nje inapoiandaa. Na kwenye mashine yako uwe umewasha `Activate as Your Primary PS4`, la sivyo siku bando limeisha gemu uliyoilipia haitafunguka.

Malipo yenyewe yana usumbufu. PlayStation haina duka la mtandaoni la Tanzania, kwa hiyo wachezaji hufungua akaunti ya nchi nyingine na kutafuta vocha ya nchi hiyohiyo. Vocha ya Uingereza haiingii kwenye akaunti ya Marekani, wala nyongeza iliyonunuliwa kwa akaunti ya Marekani haikubali diski ya toleo la Ulaya.

Wanaotaka kununua mashine mpya nao waangalie tundu la diski kabla ya bei. Xbox Series S na PS5 Digital Edition huuzwa nafuu, lakini hazina tundu hilo. Kwa mwenye GB 60 kwa mwezi, unafuu huo unarudi wote kwenye vifurushi.

Halafu kuna FIFA 23. Ilitoka Septemba 2022, na Septemba 2023 ikaondolewa kwenye maduka ya mtandaoni pamoja na ndugu zake wa miaka ya nyuma, kwa sababu mkataba wa kutumia jina la FIFA ulikuwa umekwisha. Anayeitaka leo hana pa kuibonyeza. Anaipata kwenye diski tu, kwa muuzaji wa mtumba, na ikishanakiliwa watu wawili wenye pedi mbili wanapiga Kick Off usiku mzima huku ruta imezimwa.