Kubadilisha statuti ya koperative: kura ngapi zinatosha, na nini hakiguswi hata na kura nyingi

Katika koperative nyingi za Irumu statuti ni karatasi iliyoandikwa siku ya kuanza, ikapigwa mhuri, kisha ikafungiwa ndani ya sanduku. Inatoka siku moja tu: siku mtu anataka kuibadilisha. Hapo ndipo ugomvi unaanza, juu wengi hawajui mambo mawili. La kwanza, ni kura ngapi zinahitajika. La pili, kuna mistari ambayo wengi hawawezi kuigusa hata wakiwa karibu wote.

Mimi ni mtu wa mashamba, si avoka. Lakini nimeona mavuno mazuri yakiharibikia ndani ya depo kwa sababu ya mkutano uliofanywa vibaya. Kwa hiyo leo tuache mbolea kando kidogo.

Sheria gani inatuongoza

Zamani koperative zetu zilikuwa chini ya dekreti ya mwaka 1956, ya wakati wa Wabelgiji. Tangu 12/09/2012 Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Umoja huo una sheria yake ya koperative, iliyopitishwa Lome tarehe 15/12/2010. Sheria hiyo inajua aina mbili. Kuna koperative nyepesi, inayoanza na watu 5, yenye komite ndogo ya kuongoza. Na kuna ile kubwa yenye baraza la uongozi, inayoanza na watu 15. Vikundi vingi vya vijijini vinachagua ile nyepesi, basi tuizungumzie hiyo. Kama yenu ni ile kubwa, hesabu ya kura ni tofauti; msichukue namba za hapa, someni sehemu yenu.

Robo tatu ya nani?

Maamuzi ya kila siku, kama kukubali hesabu za mwaka au kuchagua komite, hayana masharti makali. Kubadilisha statuti ni uamuzi wa pekee. Katika koperative nyepesi unahitaji robo tatu ya wanachama. Angalia vizuri: ni robo tatu ya wanachama WOTE walioandikwa katika rejista, si robo tatu ya wale waliokuja mkutanoni. Hata kama statuti yenu imeandika kwamba nusu inatosha, mstari huo hauhesabiki. Sheria iko juu yake.

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Wenzetu wa Kenya, katika sheria yao ya makampuni ya mwaka 2015, wanatumia asilimia 75 pia, lakini wao wanahesabu kura zilizopigwa. Mtu akitoka kule na mazoea hayo, atahesabu vibaya huku kwetu.

Tuchukue mfano wa kutunga. Koperative moja ya kahawa na maharagi iko na wanachama 48. Robo tatu ya 48 ni 36. Siku ya mkutano wanakuja 40, na 33 wanainua mkono kukubali. Prezida anapiga hesabu: 33 kati ya 40, zaidi ya asilimia 80! Watu wanapiga makofi. Lakini 33 haijafika 36. Statuti haijabadilika, hata kama pevé ya mkutano inasema imebadilika.

Na wale 8 ambao hawakuja? Labda wawili wako Bunia kwa matibabu, na wengine walikimbia vita na hawajarudi. Katika eneo letu hilo ni jambo la kawaida. Mtu aliyekimbia bado ni mwanachama. Sekretere hawezi kumfuta katika rejista usiku wa kabla ya mkutano ili hesabu ishuke. Akifuta wanne, wanachama wanabaki 44, na robo tatu inakuwa 33. Ghafla kura zinatosha! Mkiona rejista imepungua kabla tu ya kura kubwa, ulizeni: hawa waliondolewa na mkutano gani, na waliandikiwa barua gani?

Njia ya haki iko. Mwanachama asiyeweza kuja anaweza kuwakilishwa na mwanachama mwenzake kwa barua iliyotiwa saini. Angalieni statuti yenu inaruhusu mmoja kubeba kura za wangapi, ili mtu mmoja asije na barua kumi mfukoni.

Barua ya mwaliko

Mwaliko unapaswa kufika siku 15 kabla ya mkutano, ukiwa na tarehe, mahali na mambo yatakayozungumzwa. Kwa mabadiliko ya statuti, kuandika «mambo mengine» hakutoshi. Andikeni mstari wa zamani kama ulivyo, na chini yake mstari mpya unaopendekezwa. Tena usomwe kwa lugha watu wanaelewa, kwa sababu statuti nyingi ziko kwa Kifaransa, na mtu hawezi kupigia kura kitu asichokielewa.

Mapendekezo manne, majibu manne

Turudi kwa koperative yetu ya watu 48. Tuseme safari hii wanapata kura 38. Zimepita 36. Komite imeleta mapendekezo manne. Je, yote yamepita?

La kwanza: kila mwanachama aongeze hisa, kutoka dola 10 mpaka dola 30. Hapana. Hakuna anayeweza kuongezewa mzigo bila yeye mwenyewe kukubali. Hapa inatakiwa sauti ya wote 48. Wale 38 wanaotaka wanaweza kuongeza hisa zao wenyewe kwa hiari, lakini hawawezi kumwambia mama mjane: leta dola 20 au utoke.

La pili: mwenye magunia mengi awe na kura nyingi. Hapana. Katika koperative kila mtu ni kura moja, awe na hisa moja au hamsini. Hata watu wote 48 wakikubali, mstari huo hausimami, juu ndio moyo wa koperative. Wakitaka kura zifuate feza, waunde kampuni ya kawaida. Vilevile hakuna kura inayoweza kuweka ubaguzi wa kabila, dini, siasa, au wa wanaume na wanawake. Sheria imeukataza wazi.

La tatu: risturne ya mwisho wa mwaka ipewe tu wale walioleta magunia zaidi ya 10, na ianze na mavuno haya yaliyokwisha kuingia depo. Hapa kuna makosa mawili. Risturne inafuata kile kila mtu alichouza kupitia koperative: aliyeleta magunia 4 anapata ya magunia 4. Kumpa sifuri ni kuchukua haki yake na kumpa mwenzake. Kosa la pili ni kurudi nyuma. Mtu alileta kahawa yake akijua sheria ya siku ile. Huwezi kubadilisha mchezo wakati mpira uko tayari golini.

La ine: mwanachama anayeuza kahawa kwa mnunuzi wa nje, huku amepokea mkopo wa mbegu au wa mifuko kutoka koperative, anaweza kutolewa. Hili linaweza kupita, lakini tuangalie namna.

Kipimo cha haki: wengi kwa faida ya nani?

Swali la kutoa watu liliwahi kufika mbele ya mahakama za Uingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita, na majibu mawili yaliyotolewa yanafundisha mpaka leo. Mwaka 1919, katika kesi ya kampuni ya British Abrasive Wheel, wenye asilimia 98 ya hisa walitaka kuandika katika kanuni kwamba wanaweza kumlazimisha mwenye hisa chache auze hisa zake. Wale wa asilimia 2 hawakuwa wamefanya kosa lolote; walikataa tu kuuza. Mahakama ilikataa: hii ni faida ya wakubwa, si faida ya kampuni.

Mwaka uliofuata, 1920, ikaja kesi ya Kershaw, Leese. Hapo kanuni mpya ilimlenga mwanahisa anayefanya biashara ya kushindana na kampuni yake mwenyewe. Mahakama ilikubali, kwa sababu mtu wa namna hiyo anaweza kuumiza kampuni nzima, na kanuni iliwekwa kwa nia njema.

Sheria hizo si zetu, lakini OHADA, katika sheria yake ya makampuni, inafuata njia iyo hiyo: kura ya wengi ni matumizi mabaya ya nguvu kama imepigwa kwa faida yao peke yao, ikiumiza wachache, na bila sababu inayosaidia kampuni. Kwa hiyo pendekezo la ine lipimwe kwa maswali matatu. Linamgusa kila mtu, hata prezida na shemeji yake? Linahusu kosa lililoandikwa wazi, au ni «mtu asiyeelewana na komite»? Na anayeshitakiwa anapewa onyo la barua na nafasi ya kusema mbele ya mkutano, na kurudishiwa hisa zake? Majibu yote yakiwa ndiyo, mstari ni mzuri. Likikosa moja, rudini kuuandika upya.

Kama mko wachache na mmeumizwa

Msisubiri. Siku ileile ya mkutano ombeni pevé iandike hesabu kamili: wanachama wangapi katika rejista, wangapi walikuja, wangapi waliwakilishwa, wangapi walikubali, wangapi walikataa. Mnaokataa, majina yenu yaandikwe. Pevé inayosema tu «wote walikubali» ni ngumu sana kuipinga baadaye.

Kisha andikieni komisyo ya uangalizi. Katika koperative ndiyo kazi yake kuangalia kama komite inafuata statuti. Ombeni nakala ya rejista ya wanachama, ya mwaliko na ya pevé. Mara nyingi hesabu tu inatosha kumaliza jambo: mkionyesha 36 ilitakiwa na 33 ndiyo ilipatikana, hakuna haja ya kelele. Ikishindikana, mahakama ya Bunia inaweza kuombwa ifute uamuzi, na karatasi hizo tatu ndizo atakazouliza avoka wenu kwanza.

Na kwenu wa komite: mabadiliko yakipita sawasawa, yapelekeni haraka kuandikwa katika rejista ya koperative ya serikali. Bila hivyo, banki au mnunuzi anaweza kusema yeye anajua statuti ya zamani tu. Mbele ya mkutano ujao, chukueni rejista na kalamu, mhesabu wanachama wote, mgawanye kwa ine, mara tatu. Namba hiyo iandikwe ubaoni kabla ya mkono wa kwanza kuinuliwa.