Uso wa Mtu Hadharani: Wanaisimu Wanavyoueleza Ufidhuli

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu chake cha 89, humtia hatiani mtu atumiaye lugha chafu, ya matusi au ya kufedhehesha kwa mwenziwe, kwa namna iwezayo kuleta uvunjaji wa amani. Na msomaji makini ataona kwamba sheria haikutaabika kutoa orodha ya maneno yaliyoharimishwa, bali imemtazama yule aliyeambiwa, na ghadhabu iwezayo kuzuka pale alipoambiwa. Kwa mtazamo huo sheria imekaribiana na rai ya wanaisimu, ambao kwa miongo kadhaa wamekuwa wakibainisha ya kuwa ufidhuli haumo ndani ya neno kama sumu imo ndani ya chupa, bali ni pigo linaloelekezwa kwenye sura ambayo msikilizaji amejijengea mbele ya watu, na kwamba neno lile lile laweza kuua katika kadamnasi moja na kuchekesha katika nyingine.

Msingi wa rai hiyo uliwekwa na Erving Goffman, mtaalamu wa elimu ya jamii mzaliwa wa Kanada, katika makala yake ya mwaka 1955, ambamo aliita “uso” ile thamani njema ambayo mtu hujidaia mbele ya wenzake kwa jinsi anavyojiweka na kutenda. Jambo kubwa alilolitambua Goffman ni kwamba uso huo, ijapokuwa ni kitu ambacho mtu hukipenda kuliko mali, si milki yake. Ameazimwa tu na wale waliomzunguka, nao waweza kumnyang'anya wakati wowote akionekana hastahili. Kwa kuwa kila mmoja katika baraza yuko chini ya rehema hiyo ya wengine, watu aghalabu husitiriana, huyu akijifanya hakusikia, yule akigeuza mazungumzo, ili mkutano uishe kila mtu angali na uso wake.

Mwaka 1978 Penelope Brown na Stephen Levinson waliipanua fikra hiyo kwa kusema kwamba uso una pande mbili: upande mmoja ni shauku ya mtu kupendwa, kukubaliwa na kuhesabiwa kuwa miongoni mwa watu, upande wa pili ni shauku yake ya kutosumbuliwa, kutolazimishwa, na kuachwa atende atakalo katika mipaka yake. Hao wawili, hata hivyo, walishughulika zaidi na adabu, yaani namna watu wanavyoukinga uso, na mwaka 1996 Jonathan Culpeper, mwanaisimu wa Kiingereza, aliigeuza hoja na kuuliza uso huvunjwaje, akitumia miongoni mwa ushahidi wake mazungumzo ya wakufunzi wa jeshi na makuruta wao, mahali ambapo kumvunja mtu ni sehemu ya kazi.

Hapa kwetu si lazima kwenda kambini. Natunge kisa kimoja, ambacho naamini hapana abiria wa Arusha asiyepata kukishuhudia kwa sura hii au ile. Ni Jumamosi, siku ya gulio la Tengeru, na Hiace iliyojaa imetoka mjini kuelekea Usa River, mama mmoja wa makamo, aliyevaa kitenge safi na kupakata kikapu, anatoa noti ya shilingi elfu kumi kulipa nauli, na konda, kijana ambaye angaliweza kuwa mwanawe wa mwisho, anainua noti ile juu abiria wote waione na kusema: “Wewe maza, mimi nimekuwa benki? Kama hela ndogo huna, si ungetembea kwa miguu tu?”

Tukitazama kwa jicho la wanaisimu, hapana hata neno moja la tusi katika kauli hiyo. “Maza” hutumika mjini kwa mapenzi, na suala la chenji ni suala la haki, maana konda kweli huenda hana. Lakini pigo limepita njia tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, kwa kutanguliza “wewe” na kumwita maza mbele ya wageni, amemvua daraja lake la umri, ambalo ndilo linalomfanya mama huyo ahesabike kuwa mtu katika jamii ya Kitanzania. Pili, kwa kumwambia atembee kwa miguu ameingilia uhuru wake wa kupanda gari kama abiria mwingine yeyote. Tatu, na hili naliona kuwa ndilo zito kuliko yote, ameinua noti. Angalimnong'oneza kwamba chenji imekwisha, kadhia ingalibaki kati ya watu wawili. Kwa kuinua noti amewaita abiria wote kuwa mashahidi, na uso, kwa kuwa unakaa machoni pa watu, huumia kwa kadiri ya macho yaliyopo.

Mama sasa ana njia chache tu. Culpeper na wenzake, katika uchunguzi wa mwaka 2003 uliotegemea malumbano ya wenye magari na watu wanaosimamia maegesho huko Uingereza, walionyesha kwamba aliyeshambuliwa ama hunyamaza, ama hujibu. Na akijibu, ama hulikubali pigo, kwa mfano kwa kuomba radhi, ama hulipinga, iwe kwa kurudisha pigo au kwa kujitetea. Kunyamaza ndiko kugumu kukufasiri, maana kwaweza kuwa kushindwa, na kwaweza kuwa ndiyo taadhima ya mtu mzima akataaye kushuka hadi alipo kijana. Abiria ndio watakaoamua, kwa jinsi atakavyonyamaza, shingo yake ikiwa imenyooka au imeinama.

Lakini katika gari zetu mara nyingi hutokea jambo la tatu. Mzee aliye kiti cha nyuma husema kwa sauti ya upole, “Kijana, huyo ni mama yako mzazi unayesema naye hivyo?” na konda, akiona gari zima limemgeukia, hucheka cheko la haya na kusema, “Samahani mama, nilikuwa natania, kaa tu nitakutafutia chenji”, mama hujibu, “Haya mwanangu, hakuna neno,” na konda humaliza kwa “Asante mama.” Goffman alilieleza tendo hili katika makala yale yale ya 1955 kwa hatua nne: kwanza mtu hulinyooshea kosa kidole, kisha mkosaji hutoa cha kufidia, kisha aliyekosewa hukipokea, na mwisho mkosaji hushukuru. Tazama pia udhuru uliotumika: kusema “nilikuwa natania” ni kuomba tendo lihesabiwe kuwa halikuwa shambulio, na hivyo konda anauokoa uso wake mwenyewe pamoja na wa mama. Na tazama kwamba konda ametoka “maza” na kurudi kwenye “mama”. Hapo ndipo fidia yenyewe ilipolipwa.

Katika nchi zetu mtaalamu aliyelichungua jambo hili kwa kina ni Profesa Saida Yahya-Othman, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye mwaka 1994 aliandika juu ya adabu miongoni mwa Waswahili, na mwaka 1995 akaandika juu ya ufidhuli katika maamkizi, makala aliyoipa kichwa cha swali ambalo kila mtoto amewahi kuulizwa na mkubwa wake: je, hutonisalimu? Ni maudhui mazuri mno kuyachagua, kwa sababu katika salamu mtu aweza kujeruhi pasipo kufungua kinywa. Kijana apitaye njiani Ilboru akawakuta wazee wameketi, akatazama simu yake na kupita, hakumtukana yeyote. Lakini shikamoo ilikuwa ni deni, na kwa kutoilipa amewatangazia wazee wale kwamba hawaonekani. Aliyetupa “Mambo?” kwa mzee amelipa, ila amelipa kwa sarafu ya rika lake. Pande za Meru uzito huu ni mara mbili, maana Mwarusha, kwa mila ya Kimaa, amelelewa kuinamisha kichwa ili mzee amguse utosini, na jamii yenyewe imepangwa kwa marika. Kukosea salamu ni kukosea mahali pa mtu katika mpango mzima.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wale wanaochukua pande mbili za Brown na Levinson kama kwamba zina mizani moja duniani kote. Mgeni kutoka Ulaya, akishuka Barabara ya Sokoine na kuulizwa na jirani aliyemfahamu jana, “Unakwenda wapi?”, hudhani faragha yake imevamiwa, ilhali muulizaji alikuwa anampa heshima ya kumtambua. Mgeni yuleyule akiingia dukani na kuuliza bei kabla ya kusalimu, kwa nia ya kutompotezea mwenye duka wakati, ndiye aliyefanya ufidhuli, ingawa bila kukusudia. Wataalamu wa Kijapani, Sachiko Ide na Yoshiko Matsumoto, walitoa pingamizi ya namna hiyo katika miaka ya 1980, wakisema kwamba kwao mtu hujiuliza kwanza nafasi yake katika kundi, kabla ya uhuru wake; na yeyote aliyekulia kwetu atawaelewa mara moja.

Kuhusu kusudi, Goffman alitenga makosa ya aina tatu: lile la kutojua, lile la uadui, na lile ambalo mtendaji analijua dhara lake lakini analitenda kwa kuwa limeambatana na kazi yake. Hilo la tatu ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu halina wa kulaumiwa. Mwalimu anapowaambia wanafunzi katika gwaride la asubuhi, “Wale ambao wazazi wao hawajaleta michango wasimame mbele,” hana chuki na mtoto hata mmoja, anakusanya michango. Lakini mtoto aliyesimama mbele ya shule nzima amevuliwa uso kwa umaskini wa baba yake, na hatua zile nne za kurekebisha haziwezi hata kuanza, kwani hapana aliye na mamlaka ya kumwambia mwalimu kwamba amekosea. Muuguzi atajaye maradhi ya mtu kwa sauti mbele ya foleni hutenda vivyo hivyo.

Kinyume chake ni utani. Mchaga na Mpare wakikutana msibani hapa Arusha hutupiana maneno ya ubahili na wizi ambayo kati ya wasiotaniana yangepeleka watu mahakamani chini ya kifungu kile cha 89, na bado hapana uso uliovunjika, kwa sababu kila aliyepo anajua kwamba uhusiano wa watani umekwisha kuyatangua maneno hayo kabla hayajatamkwa. Mipaka yake, hata hivyo, ni myembamba: mtani akigusa jambo la kweli, kama deni lisilolipwa au ndoa iliyovunjika, wasikilizaji huacha kucheka kabla ya mlengwa mwenyewe, na kwa kimya chao mtu aweza kujua ya kwamba utani umekwisha.