Gereji inapogundua hasara zaidi baada ya kufungua gari

Tuseme gari lililokatiwa bima ya Sh350,000 limegongwa mbele katika barabara ya Likoni–Lunga Lunga, likavutwa hadi gereji moja Msambweni. Mkaguzi wa bima aliona bampa, boneti na taa, akaidhinisha Sh120,000, ushuru ukiwemo. Bampa ilipotolewa, fundi alikuta rejeta imepasuka na fremu inayoibeba imevunjika.

Hapo kazi husimama, kwani anayetengeneza kabla ya idhini huenda asilipwe. Gereji huandikia kampuni ikitaja nambari ya dai, ya usajili na ya chesisi, kisha ikaeleza kwamba hasara hiyo ilifichwa na bampa. Bei hufuata: rejeta Sh28,000, fremu Sh15,000, ufundi Sh8,000. Pamoja na VAT ya asilimia 16, ombi ni Sh59,160. Vipuri vibovu havitupwi hadi mkaguzi arudi.

Mkaguzi hutaka kujua kama ni ajali au uchakavu, ambao bima hailipii. Chuma kilichovunjika juzi hung'aa. Cha zamani kina kutu. Lakini katika hewa ya chumvi ya Pwani mng'ao huo hupotea upesi, hivyo picha yafaa ipigwe siku ile ile gari linapofunguliwa.

Gharama zote sasa ni Sh179,160. Ikiwa mkataba unaweka mpaka wa nusu ya thamani, yaani Sh175,000, kampuni yaweza kukataa matengenezo na kumlipa mwenye gari thamani yake. Yafaa mteja aambiwe hayo kabla ya barua kutumwa.