Gramu Nne Mfukoni mwa Muuguzi

Ndani ya boksi la magnesiamu salfeti kuna karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi, herufi zake ndogo zimejaa pande zote mbili. Dawa yenyewe ndiyo tegemeo kubwa dhidi ya kifafa cha mimba, hali inayompata mjamzito au mzazi aliyetoka kujifungua pale shinikizo la damu linapopanda kiasi cha kumletea degedege. Karatasi ile inamwandikia kila mtu kwa pamoja: mfamasia, daktari, hata mamlaka ya kusajili dawa. Inaeleza dawa inavyotolewa mwilini, inavyotibu upungufu wa magnesiamu, na nini kilionekana kwenye uchunguzi. Muuguzi wa leba aliye peke yake usiku, mama ameanza kukakamaa mbele yake, hana muda wa kuitafuta aya ya dozi katikati ya hayo yote.

Ndiyo maana wauguzi wengi hutembea na kadi ndogo mfukoni mwa gauni. Kadi nzuri huanzia kwenye swali moja: mkono utafanya nini kwanza? Karatasi inataja nguvu ya dawa kwa asilimia, kwa gramu, na kwa kipimo cha kikemia ambacho hakina kazi kitandani. Bomba la sindano lina mistari ya mililita peke yake. Kwa hiyo kila gramu inayoandikwa kwenye kadi lazima ifuatwe na mililita zake, na hesabu hiyo ifanywe mchana, akili ikiwa imetulia, si wakati mama anatetemeka.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Dawa ya asilimia 50 ina nusu gramu katika kila mililita moja, hivyo ampuli ya mililita 10 ina gramu 5. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4, yaani mililita 8. Lakini dawa ya asilimia 50 haipitishwi kwenye mshipa ikiwa kali hivyo. Ni lazima ichanganywe mpaka ishuke kufikia asilimia 20 au chini ya hapo. Ukivuta mililita 8 za dawa kisha ukaongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20 zenye gramu 4, na hiyo ndiyo asilimia 20. Hapohapo mama hupigwa gramu 10 za msuli, gramu 5 kila tako. Huku dawa haichanganywi na maji: ni mililita 10 zilezile za ampuli, pamoja na mililita moja ya lignokeini ya asilimia 2 kwenye bomba hilohilo ili kupunguza maumivu, kwa sababu sindano hii inauma sana.

Jumla ni gramu 14, mililita 28. Kwa hiyo kadi inaweza kusema jambo ambalo karatasi ya boksi haisemi: beba ampuli tatu. Maneno matatu hayo yanamwokolea muuguzi safari ya pili ya kabatini.

Kadi ikishakamilika, sehemu yake ya mbele inasomeka hivi:

MAGNESIAMU SALFETI 50% – ampuli ml 10 = g 5
Mshipani: g 4 = ml 8 + maji ya sindano ml 12. Taratibu, dakika 5.
Msuli: g 5 = ml 10 + lignokeini 2% ml 1, kila tako.
Degedege likirudi baada ya dakika 15: g 2 = ml 4 + maji ml 6, mshipani, dakika 5.
Kila saa 4: g 5 msuli, tako kwa zamu, mpaka saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, lolote lililochelewa.

Hizo dakika 5 zinahitaji maelezo. Karatasi za Kimarekani za dawa hii zimetaja dakika 3 hadi 4 kwa sindano hiyohiyo, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema 5. Hapa mwandishi wa kadi hana ruhusa ya kuchanganya vyanzo viwili wala kuchukua wastani. Hufuata mwongozo unaotumika hospitalini kwake, huandika jina la mwongozo na tarehe chini ya kadi, kisha huwapa mfamasia na daktari waikague kabla haijaingia mfuko wa mtu yeyote.

Upande wa nyuma ndio ninaoupigania zaidi, kwa sababu ndio hukatwa kwanza nafasi inapobana. Magnesiamu hutoka mwilini kwa njia ya figo. Mkojo ukipungua, dozi ya saa nne baadaye inaingia juu ya ile ambayo bado haijatoka. Kwanza misuli hulegea: goti likigongwa, mguu haurushwi. Dawa ikizidi kupanda, pumzi hupungua, hatimaye husimama. Mpangilio huo una manufaa makubwa, kwani goti hutoa onyo kabla ya mapafu. Muuguzi mwenye nyundo ndogo ya goti, saa ya mkononi na mfuko wa mkojo uliounganishwa na mpira anaweza kuigundua sumu mapema, hata bila maabara.

Kwa hiyo nyuma ya kadi yanaandikwa mambo matatu ya kupima kabla ya kila dozi: pumzi 16 au zaidi kwa dakika, zihesabiwe dakika nzima, goti linaitika, mkojo wa saa 4 zilizopita umefika mililita 120. Mwongozo husema mililita 30 kwa saa, lakini mfuko wa mkojo husomwa kwa jumla, na kadi inapaswa kuzungumza kama mfuko. Moja likikosekana, dozi isitolewe, daktari aitwe. Pumzi ikisimama, mama asaidiwe kupumua kwa mfuko na barakoa, kisha apewe kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10, mshipani, polepole. Ampuli hiyo ikae kando ya kitanda tangu dozi ya kwanza.

Tahadhari za karatasi ni nyingi, ila kadi inabeba zile zinazobadilisha uamuzi wa zamu hiyo: figo mbovu, ugonjwa wa moyo unaozuia mapigo, udhaifu wa misuli unaojulikana kama maistenia gravisi, na dawa za usingizi au za kulegeza misuli, ambazo nguvu yake huongezeka. Madhara madogo kama joto la ghafla na uso kuwa mwekundu, mama anaambiwa tu kabla ya sindano ili asishtuke.

Hatari kubwa ya kadi hii iko kwenye mstari wake wa kwanza. Siku bohari ikileta ampuli za asilimia 20, boksi linafanana, rafu ni ileile, na mkono uliozoea unavuta mililita 8. Ndani ya bomba kuna gramu 1.6 tu, chini ya nusu ya dozi, na hakuna kitakachoonekana tofauti mpaka degedege lirudi. Ndiyo sababu nguvu ya dawa na ujazo wa ampuli huandikwa kwa herufi kubwa kuliko dozi yenyewe, na chini yake: “Ampuli tofauti na hii, usitumie kadi.” Shehena mpya ikifika, anayeipokea huikagua lebo dhidi ya kadi, na zisipolingana kadi zote za wadi hukusanywa siku hiyohiyo.