Samli mpya, ujumbe mmoja

Tuchukue mama wa Morogoro anayeuza mtindi. Simuni mwake mna namba 600 za wateja, na sasa ameanza kutengeneza samli. Anataka kuwatangazia kwa SMS. Wengi wakifika hapo huanza na salamu ndefu na historia ya biashara, bei wakaifanya siri ya "njoo inboksi". Mteja wa zamani hahitaji utambulisho, keshakula mtindi wako. Anataka kujua kilichoongezeka, bei, lini kinapatikana, na kama kile alichozoea bado kipo. Hili la mwisho husahaulika sana. Akisikia samli tu, atadhani mtindi umeachwa.

Ujumbe wake unaweza kuwa hivi:

"Mteja wetu wa mtindi, tumeanza samli ya ng'ombe. Nusu kilo Sh 12,000. Inauzwa Ijumaa saa 3 asubuhi, makopo 80. Mtindi upo kama kawaida. Agiza:"

Mwishoni anaweka namba yake ya simu. Ukihesabu na nafasi, jumla ni herufi 153, na SMS moja hubeba 160. Lakini kuna mtego kwenye neno "ng'ombe". Ukiandika kwenye kompyuta kisha ukanakili, ritifaa iliyonyooka mara nyingi hugeuka ile iliyopinda. Hiyo iliyopinda haimo katika alama za kawaida za SMS, kwa hiyo ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na kikomo kinashuka hadi 70. Emoji moja hufanya vivyo hivyo. Ujumbe uleule sasa unakatwa vipande vitatu, na mama analipia SMS 1,800 badala ya 600. Dalili yake ni kihesabu cha herufi kuruka ghafla. Ukikiona, futa ritifaa na uiandike upya palepale.

Kosa jingine ni kuandika "Jibu NDIYO". Ukituma kupitia kampuni ya SMS za jumla na jina la biashara likatokea mahali pa namba, mteja hawezi kujibu. Ndiyo maana namba imo ndani ya ujumbe.

Kuhusu makopo 80, mimi nisingewatumia wote 600 kwa mpigo. Ningeanza na wachache wanaonunua kila wiki, kisha nisubiri maswali. Watatu wakiuliza samli inachukuliwa wapi, ujumbe una pengo, na ni nafuu kuliziba kabla ya kutuma kwa waliobaki. Hao waliobaki ningewagawa mafungu, kila fungu likitoka baada ya kuhesabu makopo yaliyosalia.

Wafuasi wa Instagram wasubiri hadi samli iwe dukani. Wengi wao hawajawahi kununua, hivyo "Mteja wetu wa mtindi" haiwahusu. Wao waonyeshwe picha ya kopo lililofunguliwa, rangi ya samli ionekane, na chini yake bei na mtaa lilipo duka.