Kazi ya Kitenzi cha Swali

"Mwalimu, tuandike hoja ngapi?" Swali hili nimeulizwa Biharamulo na Ngara, na watoto kadhalika na wazazi wao, mara nyingi mno hata sina budi kulijibu hadharani: linalotangulia si idadi ya hoja, bali ni kazi ambayo kitenzi cha swali kimeziamuru hoja hizo zifanye.

Imani iliyoenea madarasani ni kwamba kila insha ni utangulizi, hoja sita na hitimisho, na kwamba jadili, tathmini, thibitisha na linganisha ni majina manne ya kueleza. Hasha! Tutwae mfano ulio jirani nasi. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja, na kambi ya Benako huko Ngara ikageuka kuwa mji. Mtahini na aulize: "Ujio wa wakimbizi uliwanufaisha wenyeji wa Ngara. Jadili." Mtahiniwa wa hoja sita ataandika kwamba wakulima walipata soko la ndizi, kwamba mashirika ya misaada yalileta ajira, kwamba barabara zilitengenezwa, na kwamba vibarua walipatikana kwa urahisi, kisha, maadamu sita haijatimia, ataongeza miti iliyokatwa kwa kuni na wizi wa mazao, asiseme neno juu ya jinsi hayo mawili yanavyoipinga kauli aliyopewa. Hoja sita zipo, mjadala haupo.

Mtazame yule kibarua mkimbizi wa ujira mdogo: kwa mwenye shamba kubwa la migomba alikuwa neema, ilhali kwa mwenyeji fukara, aliyezoea kujipatia riziki kwa kulima mashamba ya watu, alikuwa mshindani aliyeushusha ujira. Hapo neno "wenyeji" limegawanyika mara mbili, na mwandishi analazimika kusema ni wenyeji gani walionufaika. Huko ndiko kujadili, na hoja moja iliyofuatwa hivyo yapita tatu zilizopangwa tu. Swali likitaja idadi, itimize. Lakini idadi haikuondolei kazi hiyo.

Kitenzi kikiwa thibitisha, kauli ni yako kuitetea kwa ushahidi, na habari ya kuni huitaji ila kwa kuijibu. Tathmini hutaka kipimo kwanza, tuseme kipato cha kaya, halafu hukumu ya kiasi: walinufaika sana, kidogo, au baadhi yao tu. Linganisha hutaka kigezo kimoja kwa pande zote mbili, mathalani umbali wa kutafuta kuni kabla ya 1994 na baada yake, katika aya ile ile, si insha mbili zilizofuatana.

Ukimaliza, funika swali, mpe mwenzio asome insha, naye ataje kitenzi kilichokuwamo. Akisema "eleza", rudi kwenye aya ya kwanza.